Duka Linauza, Fedha Ziko Wapi? Kuhesabu Mzunguko wa Fedha Kabla ya Kukopa

Miongoni mwa maswali tunayopaswa kuyajibu mara kwa mara, lipo hili la mfanyabiashara mdogo: kwa nini duka linauza kila siku, tena kwa faida, na bado siku ya kwenda kununua bidhaa mwenyewe hana fedha mkononi? Wengi hudhani kuna mwizi dukani, au mkono wa jirani mwenye kijicho. Mara nyingi hakuna mwizi. Fedha zipo, ila zimekaa mahali ambapo haziwezi kutumika leo: nyingine zimekaa juu ya rafu, nyingine zimeandikwa katika daftari la madeni.

Makala haya yanaeleza namna ya kuhesabu idadi ya siku ambazo fedha hukaa nje ya mkono wa mwenye biashara, na namna ya kutumia hesabu hiyo kabla ya kutia saini mkataba wa mkopo. Tumechagua mfano wa duka la rejareja katika kata ya Mtawanya, wilayani Kibiti. Tarakimu za duka hili ni za mfano, lakini mazingira yake ni ya kweli, na kila mkazi wa ukanda wa korosho atayatambua.

Hesabu tatu za siku

Duka letu la mfano huuza wastani wa shilingi 200,000 kwa siku. Bidhaa hizo mwenye duka amezinunua kwa shilingi 160,000. Tarakimu hizi mbili, mauzo ya siku na gharama ya ununuzi ya siku, ndizo msingi wa hesabu yote, na ni muhimu zisichanganywe.

Hesabu ya kwanza ni siku za mzigo, yaani muda ambao bidhaa hukaa dukani kabla ya kuuzwa. Mwenye duka hufunga duka jioni moja, huhesabu bidhaa zote kwa bei aliyonunulia, na kugawanya jumla kwa gharama ya ununuzi ya siku. Tuseme amekuta mzigo wa shilingi 4,800,000. Ukigawanya kwa 160,000 unapata siku 30. Maana yake ni kwamba shilingi inayotumika leo kununua unga au sabuni itakaa rafuni mwezi mmoja.

Hesabu ya pili ni siku za kudai, yaani muda ambao fedha hukaa kwa wateja waliochukua bidhaa kwa mkopo. Hapa hugawanywa jumla ya daftari la madeni kwa mauzo ya siku, kwa kuwa daftari huandikwa kwa bei ya kuuzia. Wastani wa mwaka katika daftari letu ni shilingi 5,000,000. Ukigawanya kwa 200,000 unapata siku 25.

Hesabu ya tatu ni siku za kudaiwa, yaani muda ambao muuzaji wa jumla humvumilia mwenye duka kabla ya kulipwa. Mwenye duka anadaiwa shilingi 1,120,000. Ukigawanya kwa 160,000 unapata siku 7. Siku hizi hutolewa, kwa sababu katika muda huo duka linatumia fedha za mtu mwingine.

Mzunguko wa fedha = siku za mzigo + siku za kudai − siku za kudaiwa

Kwa duka letu: 30 + 25 − 7 = siku 48.

Shilingi inayotoka leo hurudi baada ya siku 48. Na kwa kuwa kila siku hutoka shilingi 160,000, mwenye duka analazimika kuwa na mtaji wa 48 × 160,000, yaani shilingi 7,680,000, uliofungwa ndani ya biashara wakati wote. Fedha hizo hawezi kulipia ada ya shule wala kuezekea nyumba. Akizitoa, duka litapungua.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la fumbo linalowasumbua wengi, la biashara inayokua huku ikikosa fedha. Mauzo yakiongezeka kwa robo, gharama ya ununuzi ya siku itapanda hadi shilingi 200,000. Siku zikibaki 48, mtaji unaohitajika utakuwa shilingi 9,600,000. Ni lazima zipatikane shilingi 1,920,000 zaidi, na hizo hutangulia kutoka kabla faida mpya haijaonekana.

Wastani huficha msimu

Hesabu ya siku 48 ni ya wastani wa mwaka mzima. Katika mji wenye watumishi wengi wanaolipwa kila mwisho wa mwezi, wastani huo ungetosha. Katika Mtawanya hautoshi, kwa kuwa wateja wengi hupata fedha kwa misimu.

Mkulima wa korosho haipokei fedha yake siku anayopima. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao msingi wake ni Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, huipeleka korosho kwenye chama chake cha msingi. Hupimwa, hupangwa kwa daraja, naye hupewa hati ya kupokelewa mzigo. Korosho huenda ghala kuu, huingizwa mnadani, mnunuzi hulipa, makato hufanyika, na ndipo fedha huingia katika akaunti ya mkulima. Kila hatua katika hizo ina siku zake, na siku hizo zote huingia katika daftari la mwenye duka, ingawa yeye hana sauti juu ya hata moja.

Tuchukulie kwamba nusu ya mauzo ya duka letu ni ya mkopo, yaani shilingi 100,000 kwa siku. Wateja wamelipa madeni yao baada ya kuuza ufuta katikati ya mwaka, na tarehe 1 Agosti daftari ni jeupe. Kuanzia hapo wanakopa tena, na watalipa watakapopata fedha za korosho mwishoni mwa Novemba. Hizo ni siku 120 hivi. Kwa shilingi 100,000 kila siku, daftari litafika shilingi 12,000,000.

Tuihesabu upya ile kanuni kwa siku hiyo ya mwisho. Siku za mzigo ni 30 kama kawaida. Siku za kudai sasa ni 12,000,000 kugawanya kwa 200,000, yaani 60. Siku za kudaiwa ni 7. Mzunguko umekuwa siku 83, na mtaji unaohitajika ni 83 × 160,000, yaani shilingi 13,280,000. Mwenye duka ana mtaji wake wa shilingi 7,680,000 tu. Pengo ni shilingi 5,600,000.

Pengo hili halitokei kwa mkupuo. Kila siku duka linapaswa kurudisha bidhaa za shilingi 160,000 rafuni. Fedha taslimu zinazoingia ni shilingi 100,000. Kati ya hizo, shilingi 20,000 ni faida, ambayo tunachukulia kuwa inakwenda kwenye pango, umeme na matumizi ya nyumbani. Zinabaki 80,000 za kununulia mzigo, na nyingine 80,000 lazima zitoke kwenye akiba. Tarehe 1 Agosti, mzigo ukishaondolewa, na deni la muuzaji wa jumla likishazingatiwa, akiba hiyo ilikuwa shilingi 4,000,000. Ukigawanya kwa 80,000 unapata siku 50. Akiba itakwisha karibu na tarehe 20 Septemba, na siku 70 zilizobaki zitahitaji shilingi 5,600,000, ile ile tuliyoipata kwa kanuni.

Sasa mwenye duka anajua mambo matatu ambayo mwenzake asiyehesabu hayajui: anahitaji kiasi gani, anakihitaji lini, na ataweza kukirudisha lini. Akikopa Agosti, atalipia riba ya fedha ambayo bado hana kazi nayo. Akikopa Oktoba, rafu zitakuwa tayari zimepukutika.

Malipo ya wakulima yakichelewa, kila siku ya kuchelewa itahitaji shilingi 80,000 nyingine. Siku 15 ni shilingi 1,200,000. Katika msimu wa 2018/19 serikali iliamua mwezi Novemba 2018 kuinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, baada ya kutoridhishwa na bei za minada. Malipo yalikwenda sambamba na uhakiki wa wakulima, na wapo waliosubiri hadi ndani ya mwaka 2019. Bei ilikuwa nzuri, lakini duka lililowakopesha halikuweza kununulia sukari kwa bei iliyotangazwa. Kwa hiyo tunashauri hesabu ifanywe mara mbili: mara moja kwa tarehe inayotarajiwa, na mara ya pili kwa tarehe hiyo iliyoongezewa mwezi mmoja.

Mkopo wenye kiasi sahihi na marejesho yasiyo sahihi

Kosa linaloumiza zaidi halitokani na kukopa kingi. Linatokana na kukopa kiasi kinachofaa chini ya ratiba ya marejesho isiyolingana na mzunguko wa fedha.

Tuseme tarehe 20 Septemba mwenye duka anapewa mkopo wa shilingi 5,600,000 kwa miezi mitatu, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Riba ya miezi mitatu ni shilingi 588,000, na jumla ya kulipa ni shilingi 6,188,000. Mkopeshaji anataka marejesho kila wiki kwa wiki 13. Kila wiki ni shilingi 476,000.

Kabla ya mkopo, upungufu wa duka ulikuwa shilingi 560,000 kwa wiki, yaani 80,000 mara siku saba. Sasa marejesho yameongezwa juu yake, na upungufu umekuwa shilingi 1,036,000 kwa wiki. Mkopo uliokusudiwa kudumu wiki 10 utakwisha baada ya wiki tano na siku chache. Mwishoni mwa Oktoba mkono utakuwa mtupu, mwezi mzima kabla ya wakulima kulipwa, na wiki zaidi ya saba za marejesho zitakuwa bado zinadaiwa.

Hapo ndipo mtu huingia kwenye mkopo wa pili ili alipe wa kwanza, na mara nyingi wa pili ni ule ambao mitaani huitwa «kausha damu». Mfanyabiashara huyu hakufuja fedha, wala biashara yake haina hasara. Daftari lake lina mamilioni. Ameangushwa na tofauti kati ya siku ambazo fedha zake hurudi na siku ambazo mkopeshaji anazitaka.

Mkopo huo huo, kwa riba hiyo hiyo, ukilipwa kwa mkupuo mmoja tarehe 20 Desemba, unalipika. Kufikia hapo wateja wamekwisha kuanza kuleta zile shilingi 12,000,000.

Kuna jambo jingine lililojificha katika marejesho ya kila wiki. Riba imehesabiwa juu ya shilingi 5,600,000 kwa miezi yote mitatu, ilhali mkopaji hana kiasi hicho isipokuwa katika wiki ya kwanza. Kila wiki anarudisha sehemu, na kwa wastani anakaa na takriban nusu tu ya mkopo. Kwa hiyo gharama halisi ya fedha anazozitumia ni karibu maradufu ya ile asilimia 3.5 iliyoandikwa. Mikopo miwili yenye asilimia moja haiwi na gharama moja, ikiwa ratiba zake ni tofauti.

Kupunguza siku kabla ya kukopa

Kila siku moja inayopunguzwa katika mzunguko wa duka letu huachia shilingi 160,000. Fedha hizo hazina riba wala mdhamini, hivyo inafaa zitafutwe kwanza.

Katika mzigo, kinachosaidia ni kuhesabu kila aina ya bidhaa peke yake. Siku 30 za wastani huweza kuwa na unga unaokaa siku 6 na vyombo vya plastiki vinavyokaa siku 120. Duka la Mtawanya liko karibu na barabara ya Kilwa, na mzigo wa Dar es Salaam hufika bila shida kubwa, hivyo hakuna sababu ya kujaza rafu kwa bidhaa zinazotembea polepole. Mwenye duka katika visiwa vya delta ya Rufiji, kama vile Kiongoroni au Maparoni, hana uhuru huo. Yeye hungoja chombo na maji kujaa, na lazima aweke mzigo wa kutosha siku ambazo chombo hakifiki. Siku zake za mzigo zitakuwa nyingi, na anayelinganisha maduka hayo mawili asimhukumu wa delta kuwa mzembe.

Katika madai, tahadhari ya kwanza ni kutodanganywa na wastani. Tulisema siku za kudai ni 25. Lakini kwa kuwa nusu tu ya mauzo ni ya mkopo, deni la shilingi 5,000,000 ni sawa na mauzo ya mkopo ya siku 50. Huo ndio muda ambao mteja mkopaji kweli hukaa na fedha. Ukomo kwa kila kaya, ulioandikwa na kukubaliwa kabla ya msimu, husaidia kuliko kudai kwa ukali baadaye. Duka letu likipunguza mauzo ya mkopo kutoka shilingi 100,000 hadi 80,000 kwa siku, na tofauti ikalipwa taslimu, daftari la mwisho wa Novemba litakuwa shilingi 9,600,000 badala ya 12,000,000. Nusu ya njia ya kumaliza pengo haijafikiwa, lakini mkopo utakaohitajika umepungua kwa kiasi kinachoonekana.

Tunaonya dhidi ya njia moja ya mkato. Kumfuata mkulima shambani na kuchukua korosho yake kufidia deni, kwa kipimo cha bakuli, ndiyo kangomba, nayo imepigwa marufuku. Mkulima hupunjwa, na mwenye duka hubaki na mzigo asioweza kuupitisha mnadani kihalali.

Katika kudaiwa, kumwomba muuzaji wa jumla aongeze siku kutoka 7 hadi 14 huachia shilingi 1,120,000. Lakini aulizwe kwanza anayelipa taslimu hupunguziwa kiasi gani. Ikiwa punguzo ni asilimia 2, kulikosa kwa ajili ya siku 14 ni sawa na kulipa zaidi ya asilimia 4 kwa mwezi, ghali kuliko mkopo tuliouona hapo juu. Uvumilivu wa muuzaji una bei, hata kama haikuandikwa popote.

Kanuni hii ina mpaka wake. Inachukulia kwamba kila deni litalipwa. Deni lililovuka msimu mzima wa korosho bila hata malipo kidogo lisihesabiwe tena kama siku. Lihesabiwe kama hasara, na liondolewe katika jumla kabla ya kugawanya.

Wewe mteja uko wapi katika mzunguko huu

Mteja anayechukua kilo mbili za sukari na kuandikwa daftarini amekopeshwa fedha. Bei ya daftari ikiwa juu kuliko ya taslimu, tofauti hiyo ndiyo riba, na ana haki ya kuijua kabla ya kuchukua. Aombe bei zote mbili, aandikiwe kiasi na tarehe, na abaki na nakala yake.

Upande wa pili, mteja anayelipa malipo ya awali kwa fundi wa milango au samani amegeuka kuwa mkopeshaji. Siku zote ambazo fundi anakaa na fedha hizo, mzunguko wake unaendeshwa na mfuko wa mteja. Malipo ya awali yasizidi gharama ya vifaa, na yatolewe kwa risiti yenye tarehe ya kukabidhi kazi.

Mambo ya kuhakikisha kabla ya kutia saini

1. Hesabu mzunguko wako kwa wastani wa mwaka, kisha kwa mwezi mgumu kuliko yote. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo inayoelekeza kiasi cha mkopo wa msimu.

2. Andika tarehe ambayo fedha zitakwisha na tarehe ambayo zitarudi. Mkopo uanze karibu na ya kwanza, na rejesho kubwa liwe baada ya ya pili.

3. Uliza marejesho yanaanza lini, na kama riba inahesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya salio. Jumlisha ada zote pamoja na riba, kisha uliza: nitapokea shilingi ngapi mkononi, na nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla?

4. Taka kuona leseni. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji wa daraja la pili, awe kampuni au mtu binafsi, lazima awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, ambayo imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja hilo.

5. Ukiwa mwanachama wa SACCOS au kikundi cha kuweka na kukopa, ombeni kwa pamoja ratiba ya marejesho inayofuata malipo ya korosho na ufuta. Kikundi ambacho wanachama wake wanaishi katika msimu mmoja kinaelewa hoja hiyo upesi. Lakini kumbukeni kwamba wote mtahitaji kukopa katika wiki zilezile, na sanduku lina mwisho wake.

6. Usipokubaliana na mkopeshaji, peleka malalamiko yako kwake kwanza kwa maandishi na utunze nakala. Usiporidhika na majibu, yapeleke Benki Kuu ya Tanzania pamoja na mkataba na risiti za marejesho.

Kwa duka letu la Mtawanya, kazi yote hii ilihitaji jioni moja ya kuhesabu mzigo, daftari la madeni na risiti za muuzaji wa jumla. Ni vyema jioni hiyo iwe mwishoni mwa Julai, kabla jina la kwanza la msimu halijaandikwa.